Namna ya kuandika memo ya kuomba mfanyakazi wa ziada: saa za kazi kwanza, gharama baadaye

Memo nyingi za kuomba mfanyakazi huanguka kwenye neno moja: "tumezidiwa". Mkuu wa idara analisoma neno hilo mara kumi kwa mwaka kutoka vitengo kumi, na vyote vinasema kweli kwa namna yake. Hana mizani ya kupima nani amezidiwa zaidi, kwa hiyo anafanya jambo rahisi: anawaambia wote wasubiri bajeti ijayo.

Nimeziandika memo hizi, na baadaye nikakaa upande wa pili wa meza nikizisoma. Zilizokubaliwa zilikuwa na hesabu mbili tu zilizofanywa vizuri. Ya kwanza ni saa zinazohitajika ukilinganisha na saa zilizopo. Ya pili ni gharama ya kuajiri ukilinganisha na gharama ya kila njia nyingine, ikiwemo njia ya kutofanya lolote. Mambo mengine yote kwenye memo ni maelezo ya hesabu hizo.

Nitatumia mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho: ofisi ya malipo yenye makarani watatu wanaoshughulikia ankara za wauzaji, madai ya marejesho ya wafanyakazi, na usuluhishi wa hesabu na wauzaji. Takwimu nimezipanga mimi ili mahesabu yafuatike. Upande wa fedha sitataja sarafu yoyote. Mshahara wa karani mmoja kwa mwezi nitauita 100, na gharama nyingine zote nitazipima kwa kipimo hicho. Hata kwenye memo yako ujaribu kufanya hivyo kwenye rasimu ya kwanza, maana inakulazimisha kuona uwiano kabla hujatishwa na sifuri.

Hatua ya 1: Jua mtu mmoja ana saa ngapi kweli

Hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Mtu huchukua saa 8 mara siku 22, anapata saa 176 kwa mwezi, na anaandika kwamba kila karani ana saa 176 za kushika ankara. Hakuna karani wa namna hiyo duniani.

Anza na mwaka mzima. Wiki 52 mara siku 5 ni siku 260. Toa likizo ya mwaka (kwenye mfano wetu siku 21), sikukuu (12), wastani wa siku za ugonjwa kutoka kwenye rejesta ya mahudhurio (5) na siku za mafunzo (4). Zinabaki siku 218. Mara saa 8 ni saa 1,744 kwa mwaka, yaani kama saa 145 kwa mwezi.

Saa hizo 145 bado si za ankara peke yake. Humo ndani kuna vikao, barua pepe, kupokea wauzaji wanaokuja kuulizia malipo yao, kupanga majalada, chai, na kuinuka kunyoosha mgongo. Katika mfano wetu mambo hayo yanachukua asilimia 20. Zinabaki saa 116 kwa mwezi kwa kila karani. Watatu wana saa 348.

Kuna mtego mdogo kwenye ile asilimia 20. Wengi huhesabu saa za kazi yenyewe, kisha wanaongeza asilimia 20 juu yake. Sivyo. Ikiwa asilimia 20 ya muda wa mtu inakwenda kwingine, kazi inabaki na asilimia 80, kwa hiyo unagawa kwa 0.80, na hiyo ni sawa na kuzidisha kwa 1.25, siyo 1.20. Shirika la Afya Duniani lina mbinu ya kukadiria mahitaji ya watumishi wa afya inayojulikana kwa kifupi kama WISN, na mwongozo wake wa 2010 unafanya hivyo hivyo: shughuli za pembeni zinazowahusu wafanyakazi wote wa kada moja huingizwa kwa kugawa. Mbinu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya vituo vya tiba, lakini mantiki yake inafaa ofisi yoyote ambayo kazi yake inaweza kuhesabika kwa vipande.

Usiipunguze asilimia hiyo ili uonekane mchapakazi. Mkuu wako anajua kwamba watu wanakunywa chai. Asilimia 20 yenye maelezo inaaminika kuliko 5 isiyo na maelezo.

Hatua ya 2: Pima kazi kwa dakika, si kwa kuulizana

Ukimwuliza karani ankara moja inamchukua muda gani, atakujibu kwa kukumbuka ile iliyomsumbua jana. Ukimwuliza msimamizi, atakujibu kwa kukumbuka alivyokuwa yeye akifanya kazi hiyo miaka mitano iliyopita. Majibu yote mawili hayafai kuwekwa kwenye memo.

Gawa kazi katika makundi machache ambayo muda wake unatofautiana sana, manne au matano yanatosha. Kisha kwa wiki mbili kila karani aandike kwenye karatasi moja: aina ya kazi, saa aliyoanza, saa aliyomaliza. Wiki moja iangukie mwisho wa mwezi na nyingine katikati, la sivyo utaambiwa umechagua wiki ya msongo makusudi. Waambie makarani mapema kwamba hupimi nani mvivu. Wakihofia hilo watakimbiza kazi kwa wiki mbili, na utapata dakika ambazo hakuna anayeziweza kwa mwaka mzima.

Ukishapata karatasi hizo tumia wastani wa kawaida, yaani jumla ya dakika gawa kwa idadi ya kazi. Najua wapo wanaopenda kuchukua thamani ya kati ili ankara chache zilizochukua saa nzima zisiharibu picha. Kwa kazi nyingine ni sawa, lakini hapa tunatafuta jumla ya saa, na zile ankara za saa nzima nazo zilifanywa na mtu. Ukizitupa, umeufuta mzigo halisi.

Idadi za kazi zitoke kwenye mfumo wa uhasibu au kwenye rejesta, wastani wa miezi 12. Mwezi mmoja haufai hata kama ndio unaokuuma zaidi.

Ofisi yetu ya mfano ikapata hivi kwa mwezi:

| Kazi | Idadi | Dakika kwa kila moja | Saa |
|---|---|---|---|
| Ankara zisizo na kasoro | 1,100 | 10 | 183 |
| Ankara zenye kasoro | 260 | 28 | 121 |
| Madai ya marejesho | 180 | 15 | 45 |
| Usuluhishi na wauzaji | 60 | 45 | 45 |
| Kufunga mwezi | – | – | 24 |

Jumla, pamoja na visehemu vilivyoachwa kwenye jedwali, ni saa 419. Gawa kwa 116 upate watu 3.6. Wapo 3. Pengo ni saa 71 kwa mwezi.

Ankara zenye kasoro ni zile ambazo bei haiwiani na hati ya kuagizia, au bidhaa hazijathibitishwa kupokelewa, au hati ya kuagizia haipo kabisa. Zitazame vizuri: ni chini ya moja kwa kila tano, lakini zinakula theluthi mbili ya muda unaotumiwa na zile 1,100 nyingine zote. Mtu yeyote mwenye jicho atauliza swali kuhusu mstari huo. Tutalirudia.

Hatua ya 3: Hakikisha hesabu yako inafanana na kilichotokea

Hatua hii watu huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo inayotenganisha memo inayoaminika na ile inayoitwa "makadirio yenu". Dakika zako zinasema kuna pengo la saa 71. Je, dunia inakubali?

Angalia saa za ziada zilizolipwa. Ofisi yetu imekuwa ikilipa wastani wa saa 40 za ziada kwa mwezi. Basi kila mwezi zinabaki saa 31 ambazo hakuna aliyezifanya. Ankara moja, ukichanganya nzima na zenye kasoro, inachukua wastani wa dakika 13.4. Saa 31 ni kama ankara 138. Ikiwa hesabu ni sahihi, rundo la ankara zinazosubiri linapaswa kuwa linakua kwa ankara 138 hivi kila mwezi. Miezi sita iliyopita rundo lilikuwa tupu. Kwa hiyo leo tungetegemea kukuta ankara 828.

Zikahesabiwa zilizopo trei kwa trei. Zikapatikana 812.

Sentensi mbili za namna hiyo kwenye memo zina uzito kuliko ukurasa mzima wa malalamiko, kwa sababu takwimu mbili kutoka vyanzo viwili visivyohusiana zimekutana. Zisingekutana, ningekwambia usiandike memo bado. Rundo likiwa 300 tu, ama dakika zako zimevimba au kuna mtu anafanya kazi usiku bila kuandika. Rundo likiwa 1,500, kuna kazi hukuiorodhesha.

Rundo hilohilo linakupa pia muda wa kusubiri. Kuna kanuni iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961: idadi ya vitu vilivyo kwenye foleni ni sawa na kasi ya kupita mara muda ambao kila kimoja kinasubiri. Ofisi inamaliza kama ankara 1,222 kwa mwezi. 812 gawa kwa 1,222 ni theluthi mbili ya mwezi, yaani siku 14 za kazi. Msomaji asiyejua uhasibu hawezi kuhisi "ankara 812", lakini "muuzaji anasubiri siku 14 kabla karatasi yake haijafunguliwa" analielewa mara moja.

Hatua ya 4: Angalia mbele mwaka mmoja au miwili, si zaidi

Mtu wa kudumu haajiriwi kwa pengo la mwezi huu. Miaka miwili iliyopita ofisi ilikuwa ikipokea ankara 1,020 kwa mwezi, leo ni 1,360, na makarani ni walewale watatu. Hiyo ni kasi ya asilimia 15 hivi kwa mwaka. Ikiendelea, baada ya miezi 12 ankara peke yake zitataka saa 46 zaidi kwa mwezi, na pengo litakuwa 117. Saa za mtu mmoja ni 116.

Kwa mwaka wa kwanza tumia katikati ya safari hiyo, si mwisho wake. Pengo la leo ni 71, la mwisho wa mwaka ni 117, wastani ni 94. Ongeza saa za kumaliza rundo la ankara 812, ambazo ni 181, sawa na saa 15 kwa mwezi kwa mwaka mzima. Jumla ni saa 109 kwa mwezi. Hii ndiyo takwimu ya kulinganishia njia zako kwa mwaka wa kwanza. Kwa mwaka wa pili, ukuaji uleule ukiendelea, pengo la wastani ni saa 143.

Usikadirie miaka mitano. Kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyompa msomaji nafasi ya kubishana na mstari wa ukuaji badala ya kujadili rundo lililopo mezani.

Hatua ya 5: Gharama, na ukweli usiopendeza

Hesabu kwanza bei halisi ya mtu mpya. Mshahara ni 100 kwa mwezi. Mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii na tozo nyingine za lazima tuseme ni 15, bima 8. Jumla 123 kwa mwezi, 1,476 kwa mwaka. Kutangaza nafasi, usaili, meza na kompyuta ni 150, mara moja tu. Miezi mitatu ya kwanza mhesabu kama nusu mtu, kwa sababu ndivyo atakavyokuwa.

Sasa saa ya ziada. Mkataba ni saa 40 kwa wiki, kama saa 173 kwa mwezi, kwa hiyo saa ya kawaida ni 0.58. Ikilipwa mara moja na nusu ni 0.87. Linganisha na saa ya kazi ya mtu mpya: 123 gawa kwa 116 ni 1.06.

Umeona? Saa ya ziada ni rahisi kuliko saa ya mfanyakazi mpya, hata ikilipwa mara moja na nusu. Watu wengi hushangaa wakifika hapa, na wengine hurudi kuzikoroga takwimu mpaka zigeuke. Sababu ni nyepesi: saa ya ziada haina bima, haina likizo, haina kikao cha Jumatatu. Mhasibu atakayesoma memo yako anajua hilo. Ukiandika kwamba kuajiri "kutaokoa gharama za saa za ziada" bila kuonyesha hesabu, ataifanya mwenyewe kwa dakika tatu, na hataamini mstari mwingine wowote.

Kwa hiyo weka njia zote mezani kwa miaka miwili. Hasara ya ucheleweshaji nayo iwe na chanzo. Katika mfano wetu baadhi ya wauzaji wanatoa punguzo la asilimia 2 wakilipwa ndani ya siku 10, na ankara inayosubiri siku 14 imeshalipoteza kabla haijaguswa. Mapunguzo yaliyopotea kwa miezi sita yalikuwa 310 na riba za kuchelewa 80. Kwa mwaka ni 780.

| Njia | Gharama ya miaka 2 | Saa za ziada kwa kila karani kwa mwezi |
|---|---|---|
| Tubaki hivi | 2,396, na rundo linakua | 13 |
| Saa za ziada tu | 2,631 | 36, kisha 48 |
| Mtu wa muda (siku 3 kwa wiki) na saa za ziada | 3,185 | 16, kisha 24 |
| Mtu mmoja wa kudumu | 3,462 | 2 hadi 3, kisha 9 |

Mtu wa kudumu ndiye ghali kuliko wote. Andika hivyo, waziwazi, juu ya jedwali. Kisha mwonyeshe msomaji safu ya kulia.

Njia ya kwanza ina rangi ya unafuu kwa sababu 780 imehesabiwa kana kwamba haitapanda. Lakini pengo la wastani likiwa 94 na saa za ziada 40, saa 54 zinabaki bila mtu kila mwezi, na mwaka ukiisha rundo litakuwa limefika ankara 3,700 hivi. Kwa kasi ya sasa hiyo ni miezi mitatu ya kusubiri. Wauzaji wanaosubiri miezi mitatu husimamisha mzigo au hudai walipwe kabla ya kuleta, na hapo gharama inahamia kwenye vitengo vingine ambavyo memo yako haivihesabu.

Njia ya pili inahitaji saa 36 za ziada kwa kila karani mwaka wa kwanza, yaani karibu saa mbili kila siku ya kazi, na 48 mwaka wa pili. Rejesta inaonyesha wamekuwa wakikubali 13. Sheria ya kazi ya nchi yako pengine ina kikomo chake cha saa za ziada. Kitafute na ukiandike. Hizi ni saa zenye bei nzuri ambazo hakuna mtu wa kuziuza.

Njia ya tatu ndiyo mshindani wa kweli. Mwaka wa kwanza inakaribia kutosha, na ni nafuu kwa 277 katika miaka miwili. Mwaka wa pili inadai saa 24 kwa kila karani, karibu mara mbili ya walizozoea. Kama ningekuwa na wasiwasi kwamba ukuaji utapoa, ningeomba hii badala ya ile ya nne, na ningejisikia vizuri kabisa. Usiombe mtu mzima kwa sababu tu nusu mtu inaonekana kama ombi dogo.

Hatua ya 6: Jibu swali la kasoro kabla halijaulizwa

"Kwa nini msipunguze ankara zenye kasoro?" Ni swali la haki. Kila ankara yenye kasoro ikigeuka kuwa nzima inaokoa dakika 18. Nusu ya 260 zikirekebishika, ni saa 39 kwa mwezi, na hoja ya mtu wa kudumu inalegea kweli.

Ukiulizwa hivyo kwenye kikao ukiwa huna jibu, memo imekwisha. Kwa hiyo jaribu kwanza, uandike ulichojaribu. Ofisi yetu ilianza mwaka uliotangulia kurudisha kila ankara isiyo na namba ya hati ya kuagizia. Zenye kasoro zikashuka kutoka 340 hadi 260 ndani ya miezi minne, na hapo zikaganda. Zilizobaki nyingi zinatokana na vitengo vinavyochelewa kuthibitisha mapokezi ya bidhaa, jambo ambalo karani wa malipo hana mamlaka nalo. Hayo ndiyo maneno ya kuandika: tulichokifanya, kilipotufikisha, na mlango gani hatuna ufunguo wake. Mkuu akiwa na ufunguo huo na akaamua kuutumia, sawa. Umeshamwonyesha unaokoa saa ngapi.

Hatua ya 7: Andika memo yenyewe, ukurasa mmoja

Baada ya kazi yote hiyo, memo ni fupi. Majedwali ya dakika yanakwenda kwenye kiambatisho. Ombi linakaa kwenye sentensi ya kwanza, si ya mwisho. Anayeidhinisha hapaswi kutafuta unataka nini.

> KWA: Mkuu wa Idara ya Fedha
> KUTOKA: Msimamizi, Ofisi ya Malipo
> YAH: OMBI LA NAFASI MOJA YA KARANI WA MALIPO
>
> Naomba idhini ya kuongeza karani mmoja wa malipo kwenye ikama, kwa gharama ya 1,626 mwaka wa kwanza na 1,476 kila mwaka unaofuata.
>
> Kazi ya ofisi inahitaji saa 419 kwa mwezi. Makarani watatu waliopo wana saa 348. Saa 40 hufidiwa kwa malipo ya ziada, na saa 31 hazifanyiki. Matokeo yake ni ankara 812 zinazosubiri, zilizohesabiwa wiki iliyopita, na kila ankara husubiri siku 14 za kazi. Katika miezi sita tumepoteza mapunguzo na kulipa riba zenye jumla ya 390.
>
> Njia nne zimelinganishwa katika Kiambatisho B. Kuajiri ndiyo ghali zaidi: 3,462 kwa miaka miwili, pamoja na saa za ziada chache zitakazobaki, dhidi ya 2,631 kwa saa za ziada peke yake. Napendekeza kuajiri kwa sababu saa za ziada zingehitaji kila karani afanye saa 36 hadi 48 kwa mwezi, ilhali rejesta inaonyesha wanafanya 13. Mtu wa siku tatu kwa wiki ni njia ya pili kwa ubora, nafuu kwa 277, na itatosha ikiwa ankara hazitaongezeka kwa kasi ya sasa.
>
> Hatua za kupunguza ankara zenye kasoro zimeelezwa katika Kiambatisho C.

Angalia kinachokosekana. Hakuna "morali imeshuka", hakuna "kwa kuzingatia umuhimu wa idara yetu", hakuna makarani wanaougua kwa uchovu. Pengine yote ni kweli. Kama kuna mtu ameacha kazi na akaandika sababu, itaje kwa sentensi moja yenye tarehe. Vinginevyo iache, kwa sababu hoja isiyo na takwimu ikiwekwa kando ya hoja yenye takwimu huivuta ile nyingine chini.

Mwandishi mmoja wa memo aliwahi kunijia na ombi lililokuwa na hesabu safi kabisa, isipokuwa saa za mwezi mmoja zilikuwa 176 kwa kila mtu na dakika za ankara alizipima mwenyewe akiwa mkono wake ndio mwepesi kuliko wote ofisini. Makosa mawili yakaelekea upande mmoja: hesabu yake ikaonyesha kwamba hahitaji mtu. Alikuwa anahitaji mtu, na nadhani hadi leo haamini kwamba karatasi yake mwenyewe ndiyo iliyomnyima.

Hatua ya 8: Sema utapimwaje, na lini

Ongeza aya moja ya mwisho kwenye memo: nini kitaonekana baada ya ajira. Hapa uwe mwangalifu na miezi ya kwanza. Mtu mpya akiwa nusu mtu kwa miezi mitatu, na mwingine akitumia muda kumfundisha, rundo halitashuka haraka. Bila saa za ziada za kujazia litapanda kidogo. Ukiahidi nafuu ndani ya siku 60, utaitwa siku ya 61.

Kwa mfano wetu, ile hesabu ya saa inasema kwamba tangu mwezi wa nne ofisi itakuwa na ziada ndogo ya kula rundo. Peke yake haitoshi kufikia lengo mwezi wa sita, kwa hiyo zile saa za ziada chache za njia ya nne zitumike katika miezi sita ya kwanza. Lengo la wastani ni muuzaji asubiri siku 5 za kazi. Ofisi inapokea kama ankara 66 kwa siku, kwa hiyo siku 5 ni rundo la 330. Sentensi ya kuweka kwenye memo ni hii: "Mwisho wa mwezi wa sita tangu karani aripoti, ankara zinazosubiri zitakuwa chini ya 330. Zikizidi hapo, nitaleta maelezo pamoja na upimaji mpya wa dakika." Kisha hifadhi zile karatasi za wiki mbili, maana mwezi wa sita utazihitaji kwa kulinganisha.